VPN ya Bure: Ukikwepa Macho ya Mwenye Waifai, Unaangukia kwa Nani?

Mabatini ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, iliyobanana kati ya bonde la Mto Mirongo na vilima vya miamba. Kama ilivyo katika mitaa mingi ya mijini, intaneti hapa haiji kwa bando la simu peke yake. Mwenye duka anaweza kuvuta laini moja, akafunga ruta ukutani na kuuza vocha za saa au za siku. Anayekunywa chai anaomba nywila ya mgahawa, na anayesubiri huduma anajiunga na mtandao wowote uliofunguka. Akiuliza kama mtandao huo ni salama, jibu la kijiweni ni fupi: “Weka VPN tu, kaka.”

Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila umeacha nusu ya habari. VPN haiondoi haja ya kumwamini mtu. Inakuhamishia kwa mtu mwingine wa kumwamini. Ni kama kumkwepa dalali mmoja wa dagaa pale soko la Mwaloni ukamkabidhi mzigo wote dalali usiyemjua jina wala anakoishi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza VPN ipi ni nzuri, inafaa tujue mwenye waifai anaona nini hasa, halafu ndipo tumpime huyo tunayetaka kumkabidhi mzigo.

Mwenye waifai anaona nini

Mwaka 2010 zana moja iliyoitwa Firesheep iliwashtua watu duniani. Ilikuwa kiongezo cha kivinjari cha Firefox. Aliyekaa nayo kwenye mgahawa wenye waifai ya wazi aliweza kuingia kwenye akaunti ya Facebook ya jirani yake kwa kubofya tu. Hilo liliwezekana kwa sababu tovuti nyingi zilisimba ukurasa wa kuingilia peke yake, na yaliyofuata yakapita wazi.

Hali imebadilika sana tangu hapo. Leo karibu tovuti zote kubwa, benki na programu za ujumbe hutumia HTTPS au usimbaji mwingine wa aina hiyo kwa mawasiliano yote. Mwenye ruta ya Mabatini hawezi kusoma nywila unayoingiza kwenye barua pepe yako, wala ujumbe wako wa WhatsApp, wala salio la benki linalotokea kwenye programu yao.

Bado yapo anayoyaona. Anaona majina ya tovuti unazotembelea, ingawa haoni ukurasa upi wala umeandika nini. Anaona saa ulizoingia, ukubwa wa data uliyopitisha na kitambulisho cha simu yako kwenye mtandao wake. Kama ukurasa wa vocha ulikudai namba ya simu, anaweza kuunganisha hayo yote na jina lako. Kwa mtu anayetafuta habari za ugonjwa wake, au mwandishi anayewasiliana na chanzo chake, majina ya tovuti peke yake yanatosha kumweka pabaya.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Ukipiga `*150*00#` ili utume pesa kwa M-Pesa, ombi hilo halipiti kwenye waifai kabisa. Menyu za nyota na reli husafiri kwenye mtandao wa kampuni ya simu, na VPN haizigusi. Kwa hiyo anayewasha VPN kwa hofu ya kuibiwa pesa akiwa kwenye menyu hiyo hajiongezei kinga yoyote. VPN inahusika pale tu unapotumia programu ya kampuni hiyo kupitia intaneti, na programu hiyo nayo kwa kawaida inasimba mawasiliano yake yenyewe.

Hatari iliyobaki kubwa ni mtandao bandia. Mtu anafungua waifai yenye jina linalofanana na la mgahawa, halafu ukurasa wa kujiunga unakutaka uingie kwa barua pepe yako au Facebook. Nchini Australia, mwaka 2024, polisi walimfungulia mashtaka mtu aliyekuwa akifanya hivyo kwenye viwanja vya ndege na ndani ya ndege za abiria. VPN isingewaokoa waliomwamini, kwa kuwa nywila waliiandika wenyewe kwenye ukurasa wake, tena kabla VPN haijapata njia ya kuunganika. Kinga hapo ni kanuni moja: ukurasa wa waifai hauna haki ya kudai nywila ya akaunti yako nyingine yoyote. Na kivinjari kikikuonya kwa maneno kama `Your connection is not private`, yakifuatiwa na `NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID`, usilazimishe kupita. Onyo hilo linasema kwamba kivinjari kimeshindwa kuthibitisha kuwa aliye upande wa pili ndiye mwenye tovuti.

Kivinjari kinafika wapi

Kabla ya VPN, watu wengi hukimbilia dirisha fiche la Chrome. Dirisha hilo halikufichi kwa mwenye waifai. Kazi yake ni kufuta historia na vidakuzi kwenye simu yako ukishalifunga, ili anayeishika simu baada yako asijue ulikopita. Huko nje unaonekana vilevile. Google ilishtakiwa Marekani kwa kuendelea kukusanya data za watu waliodhani dirisha hilo limewaficha, na mwaka 2024 ikakubali kufuta kumbukumbu nyingi ilizokuwa imekusanya kwa njia hiyo.

Opera Mini inahitaji neno lake, kwa sababu hapa kwetu inapendwa kwa kubana bando. Katika hali yake ya kubana zaidi, ukurasa hufunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, hupunguzwa uzito, ndipo hutumwa kwenye simu yako. Mwenye waifai haoni yaliyomo, lakini seva za Opera zinayapitisha yakiwa wazi kwao. Kwa kusoma magazeti au matokeo ya mpira hakuna neno. Kwa benki na barua pepe, tumia kivinjari kinachozungumza na tovuti moja kwa moja.

Firefox na Brave zinafaa kwa matumizi ya kila siku. Katika mipangilio ya Firefox washa `HTTPS-Only Mode`, ili kivinjari kikatae kufungua ukurasa usiosimbwa mpaka wewe mwenyewe uruhusu. Kwenye simu ya Android, kuanzia toleo la 9, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta `Private DNS`, kisha andika:

```
dns.quad9.net
```

Quad9 ni taasisi isiyo ya faida yenye makao Uswisi. Ukishaiweka, maswali ambayo simu yako huuliza ili kujua tovuti fulani iko wapi yanakwenda yakiwa yamesimbwa, na ruta ya mtaani haiyasomi tena wala haiwezi kukujibu uongo. Mara nyingi jina la tovuti bado huchungulia wakati wa kuunganika, kwa hiyo usidhani umekuwa mzimu. Tena ukurasa wa vocha ukigoma kufunguka, zima `Private DNS` kwa muda, ingiza vocha, kisha iwashe tena.

Tor Browser ni ya daraja jingine. Inapitisha mawasiliano yako kwenye vituo vitatu vinavyoendeshwa na watu tofauti, na hakuna kituo kimoja kinachojua wewe ni nani na pia unakwenda wapi. Ni ya bure, na anayeilipia anajulikana: wafadhili na wachangiaji wa shirika la Tor Project. Gharama yake kwako ni mwendo wa pole, na tovuti nyingi zitakusumbua kwa maswali ya kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu.

Kwa mkazi wa kawaida anayesoma habari, anayechati na kuangalia salio, kivinjari kilichowekwa sawa kinamtosha siku nyingi. VPN inakuwa na maana pale ambapo majina ya tovuti zenyewe ni siri, au ambapo unataka programu zote za simu, wala si kivinjari peke yake, zipite ndani ya njia iliyosimbwa. Hapo ndipo swali la nani wa kumwamini linapokuwa zito.

Bure inalipwa vipi

Kuendesha VPN kuna gharama. Seva hukodiwa, njia ya intaneti hununuliwa na wahandisi hulipwa mishahara. Kama wewe hulipi, ipo njia nyingine ya kulipia bili hiyo, na visa vya kweli vinatuonyesha njia tatu.

Ya kwanza ni kuuza mienendo yako. Facebook ilinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013 na kuendelea kugawa bure programu ya Onavo Protect, iliyotangazwa kuwa ni ya kulinda data za mtumiaji. Kwa kuwa mawasiliano ya simu nzima yalipita humo, Facebook iliona ni programu zipi watu wanazitumia na kwa kiasi gani, na ikayatumia maarifa hayo kuwapima washindani wake. Apple iliilazimisha kuondoka dukani kwake mwaka 2018. Mwaka 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni mbili za Meta jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watumiaji. Angalia kwamba huyu hakuwa tapeli wa uchochoroni. Alikuwa kampuni inayojulikana dunia nzima, na programu ilifanya kazi kama kawaida.

Ya pili ni uzembe uliofunikwa kwa ahadi. Julai 2020 watafiti walikuta hifadhi ya data ya UFO VPN na ndugu zake ikiwa wazi mtandaoni bila nywila. Programu saba zenye majina tofauti, nyingi zikiwa na majina ya kuvutia kama Super, Fast na Flash, zilionekana kuwa na chimbuko moja huko Hong Kong. Zote zilikuwa zimetangaza kwamba hazitunzi kumbukumbu za watumiaji. Ndani ya hifadhi hiyo kulikuwa na nywila zilizoandikwa wazi, anwani za IP na kumbukumbu za matumizi. Maneno “hatutunzi kumbukumbu” hayagharimu chochote kuyaandika.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: kupangisha laini yako. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, iliyokuwa na mamilioni ya watumiaji wa bure, iliuza njia za intaneti za watumiaji hao kwa wateja wengine. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao wa 911 S5. Wenye mtandao huo waligawa bure VPN za kompyuta kama MaskVPN na DewVPN, kisha wakauza kwa wahalifu uwezo wa kupita kwenye kompyuta za waliozipakua. Anwani zaidi ya milioni 19 katika nchi karibu 200 zilihusika. Mhalifu akifanya ulaghai kwa njia hiyo, anayeonekana kwenye kumbukumbu ni mwenye kompyuta. Kwenye waifai ya Mabatini, atakayeonekana ni mwenye duka aliyekuuzia vocha.

Kuipima VPN kabla ya kuipakua

Tuseme mtu amefungua Play Store na kuandika VPN. Mbele yake kuna orodha ndefu, nyingi zina nyota nne na nusu na upakuaji wa mamilioni. Nyota hazimsaidii, kwa sababu anayezitoa hupima kasi na urahisi. Hana namna ya kuona kinachofanyika upande wa seva. Badala yake, amkague mwenye programu kwa maswali manne.

Swali la kwanza ni nani mmiliki. Bonyeza jina la mtengenezaji, angalia anwani, kisha fungua tovuti yake. Ukikuta barua pepe ya Gmail, tovuti ya ukurasa mmoja na sera ya faragha isiyotaja kampuni wala nchi, ishia hapo. Ukikuta mtengenezaji yuleyule ana VPN nyingine zinazofanana chini ya majina tofauti, kumbuka zile saba za Hong Kong.

Swali la pili ni nani analipa. Proton VPN ya Uswisi inatoa huduma ya bure isiyo na kikomo cha data, na maelezo yake yanaeleweka: wanaolipia huduma kamili ndio wanaobeba gharama za wasiolipa. Mipaka yake ni kwamba wasiolipa hutumia kifaa kimoja na hawachagui nchi. Mullvad ya Uswidi haina huduma ya bure kabisa. Inatoza euro 5 kwa mwezi, bei ambayo haijabadilika tangu 2009, na haikuulizi jina wala barua pepe. Programu ya bure yenye matangazo kila kona, isiyo na huduma ya kulipia, imeshakujibu kwamba bidhaa inayouzwa ni umakini wako au data zako.

Swali la tatu ni nani mwingine ameikagua. Proton na Mullvad wameweka wazi msimbo wa programu zao, na wamewaita wakaguzi wa nje ambao ripoti zao mtu yeyote anaweza kuzisoma. Mullvad ilipata mtihani mzito zaidi: tarehe 18 Aprili 2023 polisi wa Uswidi walifika ofisini kwao Gothenburg na hati ya upekuzi, wakaondoka mikono mitupu kwa sababu data za wateja walizozitaka hazikuwepo. Ushahidi wa namna hiyo unazidi matangazo yote.

Swali la nne ni inaomba ruhusa gani. VPN inahitaji ruhusa ya kuunda muunganisho wa VPN, labda na ya kutuma arifa. Haihitaji majina yaliyohifadhiwa simuni, ujumbe mfupi, kamera wala kipaza sauti. Utafiti wa mwaka 2016 uliohusisha wanasayansi wa CSIRO ya Australia ulichunguza programu 283 za VPN za Android. Asilimia 38 zilikutwa na dalili za programu hasidi, asilimia 75 zilikuwa na vifuatiliaji vya kampuni nyingine, na asilimia 18 hazikusimba mawasiliano hata kidogo. Takwimu hizo ni za zamani, lakini zinaonyesha kwamba kuwemo dukani si cheti cha usalama. Programu iliyotumwa na rafiki kama faili la APK kwenye WhatsApp haina hata ule uchujaji mdogo wa duka.

Ukishachagua, ipime inavyofanya kazi. Kabla ya kuiwasha, fungua `ipleak.net` uone anwani ya IP na seva za DNS zinazoonekana. Iwashe, fungua upya. Kama anwani ya zamani bado ipo, au seva za DNS ni za mtoa huduma wa ile waifai, VPN hiyo inavuja. Kisha ingia kwenye mipangilio ya VPN ya Android na uwashe `Always-on VPN` pamoja na `Block connections without VPN`, ili VPN ikikatika simu isirudi kimyakimya kwenye njia ya wazi. Hiyo ya pili huweza kuzuia ukurasa wa vocha, kwa hiyo ingiza vocha kwanza, kisha iwashe. Ukiwa kwenye bando lako mwenyewe, tarajia data kuliwa zaidi kidogo kwa sababu ya usimbaji. Tarajia pia kuchelewa, kwani mawasiliano yanaweza kwenda hadi Ulaya na kurudi.

Sheria na mipaka yake

Nchini Tanzania, suala hili lina upande wa sheria ambao mtu hapaswi kuuruka. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza kutumia au kusambaza teknolojia inayomwezesha mtu kufikia maudhui yaliyozuiwa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Oktoba 13, 2023 TCRA ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni ambazo shughuli zao zinahitaji VPN watoe taarifa zao, ikiwamo anwani ya IP, kabla ya Oktoba 30 mwaka huo. Anayetumia VPN kwa kazi za ofisi ana sababu ya kulisoma tangazo hilo na kufuata utaratibu wake.

Upo pia mwenendo unaojirudia. Twitter ilipobanwa kuelekea uchaguzi wa Oktoba 2020, na tena X ilipofungwa Mei 2025, watu walizikimbilia VPN kwa wingi. Haraka hiyo ndiyo huwapa soko wenye programu mbovu, kwa kuwa mtu mwenye pupa hupakua ya kwanza inayofunguka bila kuuliza ni ya nani. Na kuna siku ambapo VPN yoyote, ya bure au ya kulipia, haifui dafu. Oktoba 29, 2025, intaneti ilipokatwa nchini siku ya uchaguzi mkuu, hapakuwa na njia ya kupitisha chochote. VPN hupita juu ya intaneti. Intaneti isipokuwepo, nayo haipo.

Kwa hiyo, kwa mtumiaji wa waifai ya vocha, mpangilio ni huu. Anza na kivinjari chenye HTTPS ya lazima na `Private DNS`, na usiandike nywila kwenye ukurasa wa kujiunga. Ukihitaji kuficha zaidi, chukua huduma ya bure ambayo inajulikana nani anaigharimia, au lipia huduma iliyokaguliwa. Na kama chaguo pekee lililobaki mkononi ni VPN ya bure isiyo na mwenyewe, ifute. Mwenye duka wa Mabatini anaona majina ya tovuti zako kwa saa moja ya vocha, na unajua pa kumpata. Mwenye VPN hiyo anayaona kila dakika unapoiwasha, nyumbani na safarini, nawe hutampata.